Mgonjwa Wake

Risasi ilinipata pajani. Nilikuwa dereva wa lori la chakula katika kikosi chetu cha kulinda amani nchi jirani, na waasi walitukamata njiani, mimi na mwenzangu wa Turiani. Mwenzangu alitupa bunduki, akanyoosha mikono juu. Kamanda wao akaamuru auawe, na mpiganaji mmoja akatii. Kisha wakanigeukia.

Aliyenikinga alikuwa mwanamke, muuguzi wao wenyewe. Alipiga magoti, akanifunga jeraha kwa kitambaa, wala hakuinuka walipomwambia apishe.

“Huyu hapigani tena,” alisema. “Ni mgonjwa wangu.”

Sijui kwa nini walimsikiliza. Huenda ni kwa sababu wengi wao aliwahi kuwatibu. Alinihudumia hadi wafanyakazi wa misaada, wasio na upande wowote, walipokuja kunichukua. Nikarudi Morogoro nikichechemea, nikaanza kulima karoti milimani kwa baba yangu.

Miaka ikapita. Siku moja nikaitwa mahakamani mjini nitoe ushahidi kwa njia ya video. Kamanda yule na aliyefyatua risasi walikuwa wamekamatwa, wanashitakiwa kwa uhalifu wa kivita mbele ya mahakama ya kijeshi ya nchi yao. Mke wangu alinisindikiza, akakaa nje akivuta uradi wa kuniombea.

Wakili wa kamanda aliniuliza kama mwenzangu alikuwa askari, na kama alikuwa na silaha. Nikajibu ndiyo kwa yote mawili.

“Sasa kosa liko wapi?”

“Silaha ilikuwa chini, mheshimiwa. Mikono ilikuwa juu.”

Nilieleza pia habari za muuguzi, maana nilihofu naye atafungwa kwa kuwatibu waasi. Baadaye mwendesha mashitaka alinituliza: sheria ya vita hairuhusu mtu aadhibiwe kwa kumtibu majeruhi, awe wa upande wowote. Muuguzi yule pia alikuwa shahidi.

Wote wawili walitiwa hatiani. Aliyefyatua alijitetea kwamba alitumwa. Majaji walisema amri ya kumuua mtu aliyejisalimisha ni haramu waziwazi, na askari yeyote anapaswa kuikataa. Kamanda naye hakuokolewa na hoja kwamba hakushika bunduki; aliyeamuru ana hatia yake.

Kesi ilipokwisha kabisa niliruhusiwa kuzungumza na muuguzi kwa simu. Nikasema tu, “Dada, ahsante. Nina watoto watatu sasa.” Akacheka, halafu akauliza kama mguu unauma wakati wa mvua. Nikamwambia unauma. Akanifundisha namna ya kuukanda.

Juma lile nilikwenda Turiani kwa mama wa mwenzangu. Watu walikuwa wamemwambia mwanawe alikufa akikimbia. Nikamwamkia, nikaketi, nikamsimulia yote yaliyosemwa mahakamani, na kwamba mwanawe hakukimbia. Alinishika mkono muda mrefu, akasema Alhamdulillahi, kisha akaingia ndani kunipakulia wali.