Saa Sita ya London

Meneja aliandika simu ya maandishi ya kupelekwa London kwa kalamu ya risasi, akanipa niipige taipu. Alikuwa Mzungu mwenye miguu mirefu, ameishi Nakuru tangu kabla ya vita, na ghala lote la pareto lililo karibu na reli lilikuwa chini yake. Mimi nilikuwa karani wake kwa mwezi wa tatu, nimetoka chuoni Kampala, na hakuna nilichokuwa nakiamini, hata tai niliyokuwa nimevaa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wakulima wa Olenguruone walikuwa wameleta mavuno yao ya kwanza ya pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, kama chama cha ushirika. Sampuli ya maua hayo ilipelekwa London kwa mnunuzi, naye akajibu kwamba dawa iliyo ndani ni hafifu na huenda akayakataa magunia yote. Kabla hajakata shauri alikuwa tayari kuzungumza kwa simu na meneja pamoja na mwenyekiti wa chama. Kama mwenyekiti hangesikika, basi msimu mzima wa watu wale ungeozea ghalani.

Katika karatasi ya meneja mlikuwa na nafasi tatu. Ijumaa: saa nne asubuhi London, saa saba mchana Nakuru. Jumatatu: saa sita mchana London, saa tisa alasiri Nakuru. Jumanne: saa nane mchana London, saa kumi na moja jioni Nakuru. Chini yake ombi fupi kwamba wachague moja, na kwamba wao ndio watakaopiga.

"Kwa nini tatu?" nilimuuliza.

"Nikimpa moja, atakataa na wiki itapotea kwa kuandikiana. Nikimpa kumi, atafikiri sina kazi. Tatu zinatosha."

"Na saa za pande zote mbili?"

"Ili mtu asihesabu kwa vidole, kijana. Kila mmoja anasoma ya kwake, basi."

Ilikuwa kazi safi, sikatai. Lakini nilipokuwa nikiipiga taipu nilianza kuchunguza zile siku. Lori la Olenguruone lilikuwa likishuka mjini Jumatatu na Alhamisi tu. Kwa hiyo kati ya nafasi tatu, moja tu ndiyo mzee mwenyekiti angeweza kuifikia bila kulala mjini, na mjini hakuwa na ndugu wala kibali cha serikali cha kulala. Meneja hakujua ratiba ya lori? Risiti za lori hilo alikuwa akizitia sahihi yeye mwenyewe.

Tena kulikuwa na hili: ghala lile lile lilikuwa na pareto ya masetla wa Kizungu. Mnunuzi akikataa ya Olenguruone, bado atataka maua ya kujaza meli yake. Sikuhitaji kufika mbali kwa mawazo.

Alhamisi jibu likaja. Lilikuwa na maneno machache mno: "Tunakubali ya pili." Meneja akafurahi, akaniagiza nimwandikie mwenyekiti barua ya kupelekwa na dereva: aje Jumatatu, saa tisa. Lori hufika saa nane na nusu hivi, kwa hiyo muda ungemtosha.

Nikakaa na ile barua mbele yangu, wino haujakauka. Kuna kitu kilikuwa kinanikera nami sikujua ni nini. Niliziangalia tena zile saa. London na Nakuru, tofauti saa tatu. Saa tatu. Saa tatu. Mistari yote mitatu.

Ndipo nikakumbuka mpira. Chuoni tulikuwa na redio moja katika ukumbi, na Jumamosi tulisikiliza mechi za Uingereza. Msimu mzima zilikuwa zikianza saa kumi na mbili jioni kwetu. Lakini fainali ya kombe, ambayo huchezwa Mei, mwaka wa kwanza tuliingia ukumbini saa kumi na mbili kamili na viazi vyetu mkononi, tukakuta kipindi cha pili kimeshaanza na mabao mawili yameshaingia. Tuliilaani redio. Baadaye mwalimu mmoja alitueleza kwamba kwao, majira ya joto yakikaribia, watu wote husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Nilimbishia. Nilidhani ananichezea, kwa sababu niliona ni upuuzi nchi nzima kukubaliana kudanganyana kuhusu saa.

Nikainua simu, nikamuuliza opereta wa Nakuru kama London watasogeza saa mwaka huu, na lini. Akanikemea kwamba ile si ofisi ya maswali. Nikamwambia ni kwa ajili ya simu ya ng'ambo. Akauliza Nairobi. Baada ya kitambo akarudi kwenye laini.

"Jumapili hii," alisema. "Kuanzia hapo wako nyuma yetu kwa saa mbili, si tatu. Umeridhika sasa, profesa?"

Niliridhika na kuogopa kwa pamoja. Nafasi ya Ijumaa ilikuwa sahihi. Za Jumatatu na Jumanne zilikuwa na saa za London na za Nakuru zisizopatana. Saa sita ya London, Jumatatu, ingekuwa saa nane kwetu. Na London wamejibu "ya pili", hawakusema ya pili kwa saa ya nani. Kila mmoja anasoma ya kwake, meneja alikuwa amesema. Wangepiga saa sita yao. Mzee angekuwa bado ndani ya lori.

Nikaenda kwa meneja. Alinisikiliza huku akiendelea kusoma gazeti.

"Tuwapelekee simu nyingine," nilisema. "Tuseme wazi: saa sita yenu ni saa nane yetu. Wathibitishe."

"Wameshakubali. Ukianza kuwasumbua watafikiri hatujui kazi yetu."

"Lakini bwana, hizo saa hazipatani."

"Watajua wenyewe. Ni watu wa biashara." Akakunja gazeti. "Andika saa tisa, kama nilivyokuambia."

Mtu aliyezaliwa Uingereza, aliyesogeza saa ya mama yake ukutani tangu utotoni, alikuwa ananiambia andika saa tisa. Nilirudi mezani. Niliikunja ile barua yenye saa tisa, nikaitia ndani ya bahasha. Kisha nikatwaa kipande cha karatasi nikaandika kwa mkono wangu: Mzee, usingoje lori la Jumatatu. Tafuta njia nyingine. Uwe hapa kabla ya saa nane. Vyote viwili nikampa dereva.

Mwisho wote wa wiki nilijiuliza kama ningekuwa mimi ni mzee yule ningefanya nini. Barua yenye muhuri inasema saa tisa. Karatasi chakavu ya karani asiyemjua inasema kabla ya saa nane. Mimi ningevishuku vyote viwili na kubaki nyumbani.

Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Saa sita na nusu meneja alichukua kofia yake kwenda kula klabuni.

"Nitarudi kabla ya saa tisa," alisema.

Nilikuwa naangalia lango. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu akaingia mzee mmoja mrefu, koti lake limelowa hadi mgongoni, matope yamempanda magotini, na vumbi la mbao masikioni. Alikuwa ameshuka na gari la kiwanda cha mbao, juu ya magogo.

"Wewe ndiye uliyeandika ile karatasi?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mwandiko wako mbaya hivyo, na wanasema umesoma?" Akaketi, akakamua kofia yake sakafuni. "Nyumbani walinizuia. Wakasema barua ni ya ofisi, karatasi ni ya mwizi."

"Na wewe ukaonaje?"

"Nikaona mtu anayetaka kunikosesha jambo hataniita mapema. Ataniita nichelewe." Akaniangalia kwa jicho moja. "Lakini bado sijakuamini. Nimekuja tu."

Saa nane ilipofika simu ilikuwa kimya. Mzee aliitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akairudia saa. Labda opereta alinidanganya. Labda mwalimu wa Kampala pia. Dakika zikaenda, kisha kengele ikalia kwa nguvu hata mzee akainuka.

"Nairobi hapa. London wako tayari. Zungumza."

Sauti ilikuja kama inatoka ndani ya pipa, ikawa inafifia na kurudi. Nilijitambulisha, nikasema meneja hayupo, mwenyekiti yupo, nami nitatafsiri. Mnunuzi akasema mwenyekiti aendelee.

"Kwanza muulize," mzee alisema, "huko sasa ni saa ngapi."

"Mzee, simu hii ni ya kuhesabiwa dakika."

"Muulize."

Nikamuuliza. Mnunuzi akacheka kwa mshangao: saa sita na dakika chache, alikuwa bado hajala. Mzee akakubali kwa kichwa. Akaishika simu kwa mikono miwili, kama kibuyu, na kuanza kusema kwa Kiswahili chake kizito. Alisema maua yao yalianikwa juu ya mikeka ya waya, hayakuguswa na moshi. Alisema siku ya kuleta magunia alikuwepo ghalani. Mtu wa kuchukua sampuli hakuingia ndani, alitoboa gunia lililokuwa mlangoni, pale paa linapovuja. Gunia hilo moja lilikuwa limelowa. Mengine hayakuguswa.

Nilitafsiri kila neno, na kila neno lilinishtua, maana paa hilo nilikuwa nikipita chini yake kila siku.

Kisha mnunuzi akasema hakuna aliyemweleza habari ya paa. Sampuli nyingine ichukuliwe, katika magunia ya pande zote, mbele ya mwenyekiti, na yeye mnunuzi hatakata shauri mpaka aipokee. Angetuma agizo hilo kwa maandishi siku hiyo hiyo. Laini ikakatika.

Saa tisa kasorobo meneja alirudi, uso mwekundu kwa chakula. Alimkuta mzee amekaa kwenye kiti cha wageni na simu imeshawekwa chini.

"Mzee nafika mapema sana," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Simu bado."

"Imekwisha, bwana," nilisema. "Walipiga saa sita yao."

Alisimama akiiangalia saa ya ukutani. Kisha akajipiga paji la uso na kuanza kucheka, akasema kwa Kiingereza kwamba ni kweli, majira ya joto, amekaa huku mno hata ameyasahau. Alicheka vizuri. Kama alikuwa anaigiza, basi alikuwa mwigizaji hodari.

"Anacheka nini?" mzee aliniuliza.

"Anasema alisahau kwamba London husogeza saa."

"Na wewe unasadiki?"

"Sijui, mzee."

"Basi." Akasimama, akavaa kofia yake iliyolowa. "Nionyesheni hayo magunia. Nitalala humo humo ndani mpaka sampuli ichukuliwe."

Meneja aliacha kucheka. Akasema kwa Kiswahili chake kwamba haiwezekani, ghala hufungwa jioni. Mzee akaniomba nimtafsirie, ingawa alikuwa amesikia vizuri sana, na nilipomaliza akasema hata hivyo haidhuru: wamfungie ndani.