Mashuti Ambayo Shangazi Hakupigiwa

Mimi ni beki wa kati, na tangu Shangazi aondoke sijui nyuma yangu kuna nini.

Shangazi alikuwa kipa wetu, na jina hilo tulimpa kwa sababu ya mdomo. Hakunyamaza hata siku moja. Nikisogea mbele kidogo tu, namsikia: "Rudi mwanangu, kuna mtu kushoto." Krosi ikija anapaza sauti, "Wangu!" Sisi tunainama, yeye anaruka na kuudaka mpira. Nilikuwa namnung'unikia, jamani Shangazi, pumua kidogo. Laiti ningejua.

Msimu ulipoisha, mchambuzi wetu wa takwimu, kijana mpole asiye na ubaya na mtu, alimfungulia kocha kompyuta. Katika kila mashuti kumi yaliyolenga goli, Shangazi aliokoa kama sita. Binti mmoja wa timu jirani, karibu nane. Kocha akauliza, je, kama Shangazi alipigiwa magumu? Hilo nalo lilikuwa na hesabu yake. Kila shuti lililolenga goli hupewa uzito kulingana na lilipopigwa na linakoelekea. La juu pembeni ni karibu bao zima. La mikononi, si kitu. Ukijumlisha, unapata mabao ambayo kipa wa kawaida angefungwa. Kwa Shangazi yalikuwa kumi na nane, na alifungwa kumi na nane. Wa kawaida, basi. Akaambiwa asante, akabeba glavu zake, akapata timu nyingine.

Binti aliyekuja ni hodari, nisimsingizie. Anaokoa hata yale ya pembeni. Ila hasemi. Mashuti tunayopigiwa yamekuwa karibu mara mbili, hesabu zake zinang'aa, na mabao tuliyofungwa yamezidi ya mwaka jana. Nilimkumbuka Shangazi mpaka nikawa nageuka nyuma bila sababu. Nikamganda kocha: tukicheza na timu mpya ya Shangazi, mchambuzi ampime upya, ikiwezekana arudi.

Siku ikafika. Dakika za mwisho, hakuna bao, tukapata kona. Nikapanda. Mpira ukanijia kwenye paji la uso kabisa, goli liko wazi.

"Wangu!"

Nikainama. Shangazi akaudaka juu ya kichwa changu.

Baada ya mechi nilimweleza mchambuzi. Akarudisha video, ambayo haina sauti, akaona beki anainama tu.

"Kapigiwa shuti moja lililolenga goli, tena laini, akaliokoa," alisema. "Ni mia kwa mia ya shuti moja, dada. Siwezi kumpima kwa hilo."

Nikamwambia la pili ningelipiga mimi. Alinionea huruma, lakini shuti ambalo halikupigwa hana pa kuliandika. Kocha akasema tubaki na tuliye naye.

Nikamkuta Shangazi nje anavua glavu. Nilitaka kumwambia ninavyotamani arudi, akaniwahi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili.

"Bao lile lilikuwa lako, mwanangu. Uliinamia nini?"

"Si ulisema wako, Shangazi."