Mistari Kumi Juu ya Ndagala Wangu

Ushirika wetu wa wauza ndagala, wale dagaa wa Ziwa Tanganyika, hapa Kalemie uliamua kuchapisha kitabu kidogo cha kuwaonyesha wanunuzi wa Lubumbashi nani anauza nini. Kila mmoja aliombwa mistari kumi juu ya kazi yake. Wakati ule mnunuzi wangu mkubwa alikuwa ameacha biashara, na bila kitabu kile ningebaki nikipima samaki kwa vikombe sokoni. Mistari kumi! Nimeanika samaki tangu kifungua mimba wangu akinyonya, nikadhani ni jambo la dakika moja. Ilinichukua siku tatu, na sikutulia hata moja.

Shida ni kwamba nimelelewa kuchukia majivuno. Kanisani kwetu mwanamke akisimama kusema "nimefanya", anatazamwa kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Niliandika "ninafanya kazi kwa bidii", nikaona aibu, nikafuta. Nikaandika "samaki bora kuliko wote", nikawasikia wenzangu wa ufukweni wakinicheka, nikafuta tena. Nilikuwa nikiinuka, nikienda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, nikirudi kwenye simu niliyokuwa nikiandikia. Mwishowe nikaandika kwamba kwa neema ya Mungu na kwa msaada wa baba wa watoto, familia yetu inauza ndagala safi. Chini nikaweka namba ya simu ya mume wangu, maana kwetu ndiyo adabu. Nikatuma, nikajiona muungwana kweli kweli.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Ni mtu mwema, ila ndagala anawajua wakiwa kwenye sahani.

Siku mbili baadaye katibu wa ushirika alimpigia akiwa darasani, akamuuliza anaanika kwa siku ngapi. "Kuanika nini?" mume wangu akajibu. Saa tisa mchana katibu, mama mmoja asiyependa kupoteza wakati, alikuwa ameshafika kwenye baraza letu, daftari mkononi. Alisema kitabu kinakwenda kwa mchapaji kesho asubuhi, na mtu ambaye habari zake hazieleweki anatolewa. Nilikimbilia ndani kuleta maji ya kunywa, kama vile maji yangeniokoa.

Niliporudi na sinia, katibu alikuwa amekwisha kugeuza kiti chake kumwelekea mume wangu, aliyekuwa amerudi kutoka shuleni.

"Papa mwalimu, mvua ikinyesha munafanyaka nini?"

Mume wangu alinitupia jicho. "Tunaingia ndani," alisema.

Katibu alishusha kalamu, akaanza kufunga daftari. Hasira ilinipanda, na wa kukasirikiwa nilikuwa mimi mwenyewe. Mimi ndiye niliyemkalisha yule maskini kwenye kiti cha mtihani.

"Mama, hapana," nikasema. "Njo mimi, ni mimi mwenyewe niko naanika. Asubuhi jua haiyatoka, niko nangojea mitumbwi. Naosha samaki mbali na fasi watu wanafulia. Kwenye muchanga siweki. Naanika juu ya waya, natandaza nyembamba, nageuza mara tatu mbele ya saa sita. Wingu ikikuya, nafunika na turubai. Ikikataa kukauka, naweka ku moshi, na namwambia mununuzi wazi kama hii ni ya moshi. Sipakii ingali moto, itaota ukungu. Na mwezi ukiwaka sana usiku, samaki hawafuate taa, wavuvi hawapati kitu, basi na mimi sina kitu."

Daftari lilikuwa limefunguka tena. Katibu aliandika bila kuinua kichwa, kisha akauliza nani ananisaidia. Nikawataja majirani wawili wanaochagua samaki pamoja nami, mmoja mmoja na kazi yake. Mume wangu nikamtaja kwa meza za waya alizozitengeneza likizo moja.

"Hiyo njo kweli," mume wangu akasema, akakaa sawasawa.

Katibu alinisomea yote. Nilisikiliza nikitafuta mahali nilipojisifu, nimwambie apafute, sikupaona. Yalikuwa mambo ninayoyafanya kila siku, basi. Lakini nilishangaa jinsi yalivyokuwa mengi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimwambia kila aulizaye kwamba ninauza visamaki kidogo tu.

"Neema ya Mungu ibaki?" aliuliza.

"Ibaki. Ila mwanzoni weka waya."

Aliandika. "Na namba ni ile ile?"

Mume wangu alikuwa tayari amefungua mdomo. Nikamtangulia. Niliitaja namba yangu, tarakimu moja moja, kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie.