Kilomita Ishirini na Tisa

Sikusomea jiografia. Huko Bukavu, upande wa Kongo, nilikozaliwa na kukulia, nilisoma mambo ya kilimo, na nilipovuka daraja la mpakani pamoja na wazazi wangu kurudi nchi ambayo wao waliiita kwetu, walimu walikuwa hawatoshi. Wengi walikuwa wameuawa katika mauaji ya kimbari, wengine wamekimbia. Mkuu wa shule moja ya sekondari kule Cyangugu aliniuliza kama najua kusoma ramani. Nikasema najua. Wiki ile ile nikapewa madarasa manne.

Nayasema haya kwanza kwa sababu ndiyo chanzo cha yaliyofuata. Mwalimu aliyesomea kazi yake anaweza kumwambia mwanafunzi, ngoja nikaangalie. Mimi niliona kwamba nikisema hivyo mara moja tu, watanijua.

Mwaka ule mlio wa bunduki ulikuwa ukitufikia darasani kutoka ng'ambo ya ziwa. Tuliendelea na somo. Kwa mtihani wa mwisho wa mwaka niliamua kuchora ramani ya mkoa wetu kwa mkono wangu. Niliazima ramani kubwa katika ofisi ya kilimo, nikaweka juu yake karatasi inayopitisha mwanga, nikafuata mipaka, ziwa na mito, nikatia nukta kwenye miji. Chini niliandika skeli, moja kwa laki mbili na nusu, maana yake sentimita moja ya karatasi ni kilomita mbili na nusu za ardhi. Chini ya maandishi hayo nikachora mstari wa skeli wa sentimita nne, nikauandikia kilomita kumi. Nilijivunia sana mchoro ule.

Pale Kamembe, mjini karibu na shule yetu, palikuwa na mfanyabiashara mmoja mwenye mashine ya fotokopi. Aliutazama mchoro wangu, akasema, "Mwalimu, karatasi kubwa ziliisha. Niipunguze iingie kwenye hii ndogo?"

"Punguza tu," nikajibu.

Kazi ilikuwa na pointi arobaini. Kumi za kutia rangi maeneo: bonde la joto la Bugarama, nyanda za juu, msitu wa Nyungwe. Nane za kuonyesha mito na kuweka mishale upande inakoelekea. Mbili za ufunguo na kaskazini. Ishirini zilizobaki zilikuwa za hesabu za umbali, kwa sababu hesabu ndiyo niliyoiweza kuliko yote.

Nilisahihisha nyumbani, mchana wa Jumapili, mlango wazi. Majibu yangu niliyapata kwa kupima fotokopi kwa rula. Kamembe hadi Bugarama, mstari ulionyooka: sentimita nane na milimita mbili. Mara mbili na nusu, kilomita ishirini na nusu. Karatasi baada ya karatasi ilisema hivyo hivyo, nami nikatia alama ya sawa.

Kisha nikafika kwenye ya msichana mmoja aliyekaa nyuma. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, mkubwa kuliko wenzake wote, kwa sababu miaka kadhaa ilimpotelea upande wa Kongo. Alikuwa amerudi na mama yake mdogo, wakaishi Bugarama. Nusu ya darasa walikuwa wameelekeza mshale wa Rusizi kwenye ziwa, kana kwamba mto unapanda. Yeye aliutoa ziwani ukashuka kusini, akaingiza Rubyiro ndani yake, na Ruhwa chini kabisa kwenye mpaka wa Burundi. Rangi zake hazikutoka nje ya mistari, ila ufunguo na kaskazini alivisahau. Lakini kwenye hesabu aliandika: 8.2 gawanya kwa 2.8, mara 10, ni kilomita 29. Umbali mwingine nao aliupata kwa njia hiyo hiyo.

Sikuelewa hiyo 2.8 imetoka wapi. Nilipaswa kujiuliza. Nilikata kwa kalamu nyekundu, nikaandika sifuri juu ya ishirini. Jumla, kumi na nane juu ya arobaini. Ya kufaulu ilikuwa ishirini.

Niliporudisha karatasi alinijia mezani, wenzake bado wamekaa.

"Mwalimu, mi nilipima na ule mstari wa chini. Ulioandika kilometa kumi."

"Skeli imeandikwa kwa tarakimu," nikamwambia. "Wote wameiona isipokuwa wewe?"

"Lakini makumi mbili ni kidogo, Mwalimu. Hii njia naijuaka na miguu. Kila vakansi, shule ikifungwa, natembea, natoka huku asubuhi, nafika Bugarama jua inaenda kulala."

Ningetazama ule mstari hata kwa jicho moja tu, mambo yangekuwa mengine. Badala yake nilisema kwa sauti, ili darasa lisikie, "Jiografia haipimwi kwa miguu, dada. Au miguu yako ni mizito?"

Walicheka. Alichukua karatasi yake kwa mikono miwili, akarudi kukaa.

Katika kikao cha walimu jina lake lilisomwa. Alikuwa ameanguka Kifaransa pia. Somo moja lingesamehewa. Mawili, arudie mwaka. Mkuu wa shule akanigeukia. "Mwalimu wa jiografia, pointi mbili hazipatikani hapo?"

"Hazipatikani," nikasema.

Hakurudi kurudia mwaka. Niliambiwa yuko Ruhwa, anauza mchele mpakani.

Muhula wa pili wa mwaka uliofuata nilipanga kabati, nikaukuta mchoro wangu wa kwanza. Niliweka fotokopi juu yake, nukta ya Kamembe juu ya Kamembe. Bugarama haikulala juu ya Bugarama; ilibaki juu, mbali sana. Nikachukua rula. Mstari wangu wa sentimita nne, kwenye fotokopi ulikuwa sentimita mbili na milimita nane.

Mashine ilikuwa imepunguza kila kitu, ziwa, mito, na mstari ule pamoja nao. Tarakimu peke yake ndiyo haikupungua, ikabaki inadanganya. Nilipima mchoro wa kwanza: sentimita kumi na moja na milimita sita. Kilomita ishirini na tisa. Darasa zima lilikosea pamoja nami, na mmoja aliyepatia ndiye niliyemwangusha.

Zilipita wiki tatu kabla ya kupanda gari la Bugarama. Nilimkuta Ruhwa amekaa kati ya magunia, ana mtoto mgongoni. Nilimweleza yote, nikimwonyesha karatasi mbili nilizobeba. Alisikiliza, akampimia mteja mchele, akarudi kunisikiliza.

"Kwa hiyo nilikuwa na haki," akasema.

"Ulikuwa nayo."

"Na benzangu? Ulibaambia?"

Sikuwa nimewaambia. "Bado," nikasema.

"Basi bado banajua mi njo nilikosea," akasema, bila hasira. Kisha akauliza kama mtu aliyeacha shule anaweza kuandikishwa mtihani wa taifa akiwa nje ya shule. Niliahidi kuuliza na kumletea jibu.

Wale wenzake niliwaambia kesho yake, nikiwa nimesimama mbele yao na karatasi zote mbili ubaoni. Hakuna aliyecheka. Lakini lile la mtihani niliuliza kwa kuchelewa. Kwanza kulikuwa na masahihisho, kisha mvua ikakata barabara, kisha nikajipa sababu nyingine. Jibu lilipopatikana, kwamba inawezekana, nilishuka tena mpaka Ruhwa. Mwanamke aliyekuwa mahali pake aliniambia amevuka na mumewe, wamehamia Burundi, sehemu asiyoijua jina.

"Papa, ulikuwa unamudai kitu?" akaniuliza.

Nikasema hapana, nilikuwa mwalimu wake.