Sauti ya Muhsin Kwenye Laini

Mwaija wa Kwamndolwa alikuwa akimpigia marehemu mumewe kila alasiri, baada ya kutoka shambani. Simu ya Muhsin ilikuwa pale pale chumbani, imewashwa, mlio umezimwa. Hakuna aliyepokea, kwa hiyo salio la Mwaija halikukatwa. Alichotaka ni wimbo tu.

Muhsin alikuwa mwimbaji wa kikundi cha kaswida cha kwao Misima. Kampuni moja ya muziki iliwahi kuiweka kaswida yao kwenye mtandao wa simu, naye akajiunga nayo, ili kila anayempigia aisikie badala ya mlio wa kawaida. Ada yake ilikatwa kila wiki kwenye salio la laini yake. Alipofariki, Mwaija aliendelea kuiwekea laini ile vocha. Watoto walidhani mama hataki kuachana na namba ya baba.

Siku moja alipiga, akasikia mlio mtupu. Akapiga tena. Mlio ule ule.

Akaenda na simu zote mbili Masuguru, kwenye kibanda cha Edna anayeuza vocha na kusajili laini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, wimbo wa baba umekatika, na vocha nimeweka juzi."

Edna akaangalia. "Hapa vocha imeingizwa kama kifurushi, mama. Salio ni sifuri."

"Si niliinunulia laini hiyo hiyo?"

"Kifurushi ni cha kupigia. Ada ya wimbo inakatwa kwenye salio la kawaida. Mtandao umejaribu kukata, umekosa, mwisho umeiondoa laini kwenye wimbo."

Mwaija akanunua vocha nyingine. Edna akaingiza, akafungua menyu ya kujiunga upya, akatafuta jina la kikundi. Hakikuwemo. Akapiga huduma kwa wateja, akasikiliza kwa muda, kisha akaishusha simu taratibu.

"Wanasema kampuni iliyoleta wimbo imeuondoa. Waliokuwa wameshajiunga waliendelea kuusikia. Aliyetoka hawezi kurudi."

"Lakini tulikuwa tunaulipia."

"Mlikuwa kama wapangaji, mama. Haukuwa wenu."

Kesho yake Mwaija alipanda gari hadi Misima kwa shemeji yake Sabiri, kiongozi wa kikundi. Sabiri alipekua sanduku la vifaa, akauliza wenzake. Studio walikorekodia ilishafungwa, na hakuna aliyebaki na nakala.

"Naweza kukuimbia, shemeji," alisema.

Akaanza ubeti wa kwanza, ule aliokuwa akiuimba Muhsin. Mwaija akainua mkono.

"Huo uache. Anzia mnapoitikia."

Sabiri alinyamaza kwa muda ambao ubeti ule ungechukua, macho yakiwa chini. Kisha akaitikia peke yake, kwa sauti ya chini. Mwaija akajifunika uso kwa mtandio, akalia kilio ambacho siku ya mazishi, kwa wingi wa wageni, hakupata nafasi ya kukilia.