Mpira Mwembamba Kama Kidole Kidogo

Katika chumba chetu cha kipimo cha tumbo, daktari ndiye anayeshika kamera, lakini mgonjwa namshika mimi. Nasema hivi bila haya. Nina stashahada ya uuguzi niliyoisomea kwa ndizi nilizobeba kichwani kutoka juu milimani hadi gulio la Mkuyuni, na nina miaka tisa ya kazi Botswana, ambako nilifundishwa kipimo hiki na watu wasiokubali mchezo. Niliporudi Morogoro na kujenga nyumba yangu Mwembesongo, wapo waliosema nitachoka mapema. Sijachoka. Wauguzi wenye digrii wananitumia wagonjwa waoga, kwa sababu mwoga akikaa mbele yangu dakika kumi, anapanda kitandani mwenyewe.

Karibu wote, si wote. Ninayemkumbuka kuliko wengine ni mama mmoja wa milimani, mkulima wa karoti na kabichi, mwenye umri wa kama miaka sitini. Alikuja mara ya kwanza na mdogo wake wa kiume. Alikuwa amekonda, tumbo linamuuma chini ya kifua hasa akiwa na njaa, na wiki mbili nyuma alipata choo cheusi kama lami, dalili ya damu tumboni. Daktari aliandika kipimo cha kamera. Kwetu Waluguru mtu akiwa na jambo zito, ndugu yake wa kiume wa tumbo moja ndiye msemaji. Basi yule mdogo mtu, katekista mwenye sauti ya kufundishia watoto komunyo, alisimama mbele ya meza yangu na dada yake akakaa kwenye benchi nyuma yake. Mimi nami ni Mluguru, najua adabu ya kwetu, nikampa yeye maelekezo yote ya kufunga: asile chochote kuanzia saa nne usiku, maziwa na uji ni chakula vilevile. Aliitikia kila neno, akashukuru, wakaondoka. Nilijisifu moyoni kwamba nimeyasema vizuri.

Siku ya kipimo waliwahi saa mbili asubuhi. Nilimwamkia mama, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamvalisha gauni la hospitali, nikampima presha, nikamuuliza kama ana meno ya bandia, kama kuna dawa inayomdhuru, kama amekula. Alijibu hapana, hapana, hapana. Presha ilikuwa juu, na mikono ilikuwa ya baridi ingawa asubuhi ile ilikuwa na jua.

Nikaanza kumweleza, kama nielezavyo siku zote. Akaniachia nimalize sentensi mbili, kisha akamwambia mdogo wake kwa sauti ya chini kwamba wanarudi nyumbani. Mdogo mtu akanitazama kwa aibu. Alieleza kwamba dada yao mkubwa alifariki miaka kadhaa iliyopita kwa uvimbe wa tumbo. Aligunduliwa kwa mpira wenye kamera kama huu wetu, na tangu siku ile mama huyu anaamini mpira ndio ulioamsha ugonjwa. Nikaelewa kwamba akitoka mlangoni hatarudi tena, na kile choo cheusi kitarudi peke yake.

Nilimwomba mdogo mtu akakae nje. Hilo halikumpendeza, lakini alikwenda. Kisha nikavuta kiti nikakaa karibu na mama, nikamuuliza ukoo wake. Alipoutaja nikacheka, kwa sababu ukoo wake na wangu ni watani.

"Kumbe wewe ni wale wezi wa viazi," nilimwambia.

Akainua uso kwa mara ya kwanza. "Wezi ni nyinyi. Sisi tulikuwa tunawazika, na pilau ya matanga mnatubania." Alinitazama vizuri. "Na mtani wangu ndiye mwenye huu mpira?"

"Ndiyo. Na mimi mwenyewe umepita kooni kwangu."

Hilo ni kweli, nami sijawahi kulificha kwa mgonjwa. Botswana nilipimwa kwa sababu ya maumivu, na mimi, niliyewashika wagonjwa wengi mkono, nililia kama mtoto kabla hata hawajanigusa. Mama alilipenda hilo. Aliniuliza kama stashahada yangu, niliyokuwa nimeshamtajia, nayo ililia. Nikamwambia stashahada ilibaki kabatini.

Baada ya hapo alinisikiliza. Nilimwonyesha mpira wenyewe, mweusi, laini, mwembamba kama kidole changu kidogo, wenye taa na kamera mbele. Nilimweleza kwamba hauoteshi kitu na hauamshi kitu. Unatazama tu kilichokuwepo, kama mtu anavyoingia shambani na tochi. Nikamwambia kwanza nitampulizia dawa ya ganzi kooni. Ni chungu. Ulimi utakuwa mnene kama si wake, na koo litajaa kana kwamba kuna tonge limekwama, hata atadhani hawezi kumeza. Ataweza. Na hewa haitapungua, kwa sababu mpira unapita njia ya chakula, na njia ya hewa inabaki wazi. Atalala ubavu wa kushoto, atauma kipete cha plastiki ili asiung'ate mpira, na mate yasimshughulishe, ayaache yatiririke kwenye taulo. Pale kooni ndipo pagumu: atataka kutapika, machozi yatamtoka. Nitamwambia ameze, atameza, na pale pakipita pamekwisha. Kisha daktari atapuliza hewa ili tumbo lifunguke. Litajaa, atabeua, na asione haya. Wakichukua kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kupima hatakisikia. Yote ni dakika tano hadi kumi.

Nilimwambia pia ipo sindano ya kumsinziza, ila akichomwa itabidi apumzike muda mrefu na siku hiyo asisafiri bila mtu. Akasema anataka kuwa macho, amwone mtani wake akilia tena.

Nikaona tumefika. Lakini kwa mazoea ya utani, nikamchokoza nikimuuliza kama ameshafunga kweli, maana ukoo wake unajulikana kwa kulamba sufuria. Akanijibu kwa kujivuna kwamba hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni. Amekunywa tu dawa yake ya vidonda, alfajiri, kabla ya kupanda gari.

Nikamuuliza ni dawa gani.

"Unga wa ndizi mbichi. Hujui hata hiyo, na umetoka huko Botswana?"

Kwetu kila nyumba ina unga huo. Ndizi mbichi zinamenywa, zinakatwa, zinaanikwa juani, zinatwangwa, na mwenye vidonda vya tumbo anachota vijiko viwili vitatu asubuhi kabla ya chochote. Nilimuuliza anaukorogaje. Alisema kwa maji ya moto hadi unashika, kikombe kikubwa, kile cha bati. Yaani uji. Uji mzito, saa kumi na mbili alfajiri, na kwake haukuwa chakula hata kidogo. Kwake dawa haivunji mfungo. Mdogo wake alikuwa amemwambia asile wala asinywe uji wala maziwa, kama nilivyosema mimi. Dawa sikuitaja, naye hakuwa na sababu ya kuiuliza.

Mpira ukiingia kwenye tumbo lenye uji, daktari haoni kitu. Lakini baya zaidi, mgonjwa akitapika wakati koo lina ganzi, uji unaweza kuingia kwenye mapafu. Na nilikuwa nimeweka chupa ya ganzi tayari mezani.

Nikamweleza hivyo hivyo, bila kumgombeza, kwa sababu kosa halikuwa lake. Nilikuwa nimemweleza mtu ambaye tumbo si lake. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia, naye akamhamishia mwisho wa orodha, saa nane mchana. Nilimruhusu mama mafunda machache ya maji matupu hadi saa tano, kisha basi.

Zile saa ndizo zilizonitia hofu kuliko kipimo. Mtu mwoga ukimpa muda, anautumia kutoroka. Kila nilipomaliza mgonjwa mmoja nilichungulia benchi. Saa nne alikuwepo. Saa tano alikuwepo, akisali rozari. Saa sita na nusu benchi lilikuwa tupu, na mdogo mtu naye hayupo. Nilitoka hadi getini na glavu mkononi, jambo ambalo huwakataza wengine. Niliwakuta nyuma ya jengo, mama amesimama akitazama milima, mdogo mtu akimsihi.

Nilisimama naye. Akaniuliza, "Wakikikuta kile cha dada, utaniambia wewe au utamwambia huyu?"

"Nitahakikisha unaambiwa wewe."

Akarudi ndani.

Saa nane alipanda kitandani mwenyewe. Nilipompulizia ganzi alikunja uso, akasema kwa ulimi mzito kwamba uchungu huu umezidi wa mwarobaini. Nikamgeuza ubavu wa kushoto, nikamtia kile kipete mdomoni, nikaweka mkono wangu begani. Mpira ulipofika kooni alijikunja, macho yakafurika, mkono wake ukanishika kifundo cha mkono nikadhani kitavunjika. Nikamwambia ameze. Akameza. Ukapita. Tangu hapo nilimhesabia pumzi tu, ingia puani, toka taratibu, naye akabeua mara mbili kwa kishindo. Tumbo lilikuwa safi, halina hata punje ya uji.

Tulikiona wote kwenye skrini: kidonda kimoja, mwanzo wa utumbo mwembamba, chenye utando mweupe na kingo nyekundu. Hakikuwa kinatoka damu. Daktari alipekua tumbo zima, juu hadi chini, hakukuta uvimbe. Alinyofoa vipande viwili vidogo vya ukuta wa tumbo, nikakitia kimoja kwenye kipimo cha bakteria, kingine nikakiweka kwa ajili ya maabara. Dakika saba toka ulipoingia, mpira ulikuwa mkononi mwangu.

Kipimo kile kina rangi ya njano. Nilimkalisha mama karibu yangu, ganzi ikiwa bado haijamtoka, asile wala asinywe, nikamwonyesha. Kabla ya saa moja kuisha njano iligeuka waridi, nikamwambia huyo ndiye mdudu aliyemtoboa, na ana dawa. Daktari alikuja akasimama mbele yake, si mbele ya mdogo wake, kwa sababu nilikuwa nimemwomba hivyo. Alimweleza kuhusu kidonda, akamwambia vidonge vya wiki mbili asiviache njiani, na kwamba uvimbe haupo.

"Rudia," alisema mama.

Daktari akarudia. Mama akatikisa kichwa, akaniomba na mimi niseme. Nikasema. Ndipo mdogo wake akakaa chini kwenye sakafu.

Koo lilipoamka nilimpa funda moja la maji. Lilishuka bila kumpalia. Akameza la pili, la tatu, akaweka mkono tumboni kana kwamba anayasikiliza yanakokwenda, kisha akasema ana njaa.

Walipoondoka nilibaki kuuosha mpira. Ni kazi ndefu, brashi ndani ya kila tundu, na hakuna anayeifanya vizuri kama mimi. Nilijikuta naimba.