Vyombo Visafi

Asubuhi ile niliondoka Kilosa bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimechoka kubeba magunia mtaa wa Magomeni, hapo hapo Kilosa, nikaiona barabara ya kusini, nikaifuata. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kijana aliyepita peke yake na kifurushi hakukosa kuulizwa analima wapi. Upande wa Kisanga mama mmoja alinisimamisha. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaitazama miguu yangu, akasema, "Mwanangu, kula kwanza. Uongo wako utaniambia baadaye."

Alinipa ugali na mlenda kwenye sahani za bati. Nimekula kwenye vyombo vingi maishani, vingine vikinuka shombo ya juzi. Vya mama yule vilisuguliwa kwa majivu mpaka vikang'aa. Alikuwa na haraka. Alasiri ile msimamizi wa elimu ya watu wazima angekuja kuwapima, na kijiji kilishakata shauri kwamba mama akifaulu, atakuwa muuzaji wa duka la ujamaa. Alilitaka sana duka lile. Mgongo wake ulikuwa umekataa jembe.

Nikamfuata darasani, kwenye banda la nyasi. Mwalimu alikuwa kijana wa hapo hapo, na alikuwa anawakaririsha.

"Chombo?"

"Kichafu!"

"Vyombo?"

"Vichafu!"

"Maji?"

"Machafu!"

"Sasa safi. Vyombo?"

"Safi!" wakaitika, isipokuwa mama.

"Mwalimu," alisema, "mtu tunamwita msafi. Mbona chombo kisiwe kisafi?"

"Kwa mtu watu wamezoea hivyo, mama. Kwingine ni safi tu: chombo safi, vyombo safi, maji safi. Ni kama hodari, ghali, rahisi. Maneno hayo asili yake Kiarabu, hayabadiliki."

"Yaani chafu letu linabadili nguo kila mlango, na safi la wageni linaingia lilivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Mabwanyenye hao!" akapiga kelele mzee mmoja nyuma. "Shamba la pamoja hawalimi!"

Banda zima likacheka. Mimi niliyeacha shule mapema nilikuwa nimetoa macho. Mama akaninong'oneza kwamba katika lugha yao ya nyumbani sifa hufuata kinachosifiwa kama ndama na mama yake, ndiyo maana ulimi wake ulikuwa mgumu.

Msimamizi akaja kwa pikipiki, pombe ikimnuka. Alikuwa anatafuna hindi la kuchoma na kutema maganda kwenye sakafu iliyofagiliwa kwa ajili yake. Akamwita mama ubaoni.

"Andika habari za vyombo vya kwako."

Mama akashika chaki, akaandika polepole, herufi zimenyooka: *Vyombo vyangu si vichafu. Vyombo vyangu ni visafi.*

Msimamizi akacheka mpaka punje zikamtoka mdomoni, moja ikamwangukia mama begani.

"Visafi! Kesho utatuuzia vitu virahisi na mafuta maghali! Kiswahili ni lugha ya taifa, bibi. Umeshindwa."

"Ndugu," mwalimu alisema, "amesoma, ameandika. Kakosea neno moja."

"Nimesema ameshindwa."

Mama akaipangusa ile punje. "Nimekosea kweli, ndugu," alisema. "Nitapimwa tena lini?"

"Baada ya mavuno. Duka litapata mwingine. Chakula kiko wapi?"

Kilikuwa nyumbani kwa mama, maana yeye ndiye aliyepangiwa kumpikia mgeni. Nilikaa pembeni nikamtazama mtu yule akila kwenye sahani zile zile. Alicheua, akachokonoa meno kwa kucha, kisha akasukutua kinywa na kuyatema maji ndani ya sahani, huku bakuli la kunawia liko mbele yake. Kuhusu lile neno alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonichefua zaidi.

Alipoondoka, mama alichukua majivu akaisugua sahani ile, akaisuuza, akaanza upya. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikasogea kusikia. "Vyombo safi," alikuwa anasema. "Vyombo vichafu, vyombo safi. Maji machafu, maji safi." Kila neno na msuguo wake wa mkono.

Sikuweza kukaa. Nikamshukuru, nikadandia lori la mkaa lililokuwa linaelekea Mikumi, nikafika giza linaingia. Kando ya barabara kuu palikuwa na nyumba ya wageni, na ukutani bango la rangi nyekundu: VYUMBA SAFI NA RAHISI. Nikalisoma mara mbili nikitafuta kosa. Halikuwamo.

Mwenyeji akanifungulia chumba. Shuka lilikuwa na madoa ya watu waliotangulia, kunguni walikuwa wanatembea kwenye ufa wa kitanda bila haraka, na ndoo ya maji ilikuwa na utelezi ndani.

"Umekipenda?" aliuliza.

"Bango lako zuri," nikamwambia, nikatandika kanga ya kifurushi changu sakafuni, mbali na kitanda.